Waraka wa Siku ya Tatu

Kuna waraka mfupi unaozunguka katika hospitali za nchi mbalimbali, kila mahali kwa lugha yake na nembo yake, lakini ujumbe ni ule ule. Huandikwa na mfamasia akisaidiana na daktari mmoja au wawili wa kamati ya dawa, hupelekwa kwa madaktari wa wodi zote, na ombi lake ni moja: mgonjwa yeyote aliyeanzishiwa antibayotiki, dawa yake iangaliwe upya baada ya siku mbili na uamuzi uandikwe kwenye faili. Asingojewe mpaka amalize wiki, wala mpaka siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Kazi hiyo ifanyike kati ya saa ya 48 na saa ya 72 tangu dozi ya kwanza.

Msomaji anaweza kujiuliza: kwani daktari hapiti raundi kila asubuhi? Anapita. Anamwuliza mgonjwa amelalaje, anatazama chati ya joto, anasikiliza kifua, kisha anaandika kwamba matibabu yaendelee. Hapo ndipo waraka unapoingilia kati. Mara nyingi matibabu hayo yanaendelea kwa sababu tu yalikuwa yameanza, na si kwa sababu kuna mtu aliyekaa akaamua upya kwamba bado yanahitajika.

Uingereza ililiweka jambo hili katika mwongozo wa kitaifa mwezi Novemba 2011. Mwongozo huo uliwaambia madaktari wa hospitali kwamba kuandika antibayotiki ni kazi ya hatua mbili: kuanza kwa busara, kisha kulenga. Marekani, kupitia kituo chake cha kudhibiti magonjwa, ilifuata mwaka 2014 kwa kuzitaka hospitali ziweke kituo cha kusimama na kufikiri baada ya saa 48. Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa kitabu cha kuzisaidia hospitali za nchi zenye kipato cha chini na cha kati mwaka 2019. Wazo hilo sasa limo pia katika kazi za kamati za dawa za hospitali zetu za Afrika Mashariki, ambako seftriaksoni ya sindano imekuwa karibu kama chumvi ya chakula: kila mgonjwa mwenye homa anapewa.

Ili kuuelewa waraka, inabidi tuanze na usiku ambao dawa inaandikwa.

Tuchukue mfano niliotunga kutokana na mambo ya kila siku wodini. Ijumaa, saa nne usiku, analetwa mama wa miaka 64. Anahema kwa shida, anakohoa, joto lake ni nyuzi 37.9, mapigo ya moyo ni 112 kwa dakika, na kipimo cha kidoleni kinaonyesha oksijeni asilimia 89. Ana shinikizo la damu la miaka mingi. Miguu imevimba kidogo. Picha ya eksirei ina ukungu chini ya mapafu yote mawili. Kipimo cha malaria ni hasi. Daktari wa zamu ni kijana, yuko peke yake, na wagonjwa wengine wanne wanamsubiri.

Je, huyu ana nimonia, au moyo wake umeshindwa kusukuma damu na maji yamejaa kwenye mapafu? Kwa saa ile huwezi kujua kwa uhakika. Ukungu ule wa eksirei unaweza kuwa usaha au maji. Homa ndogo inaweza kuwa ya bakteria, au ya kirusi cha mafua kilichousukuma moyo uliokuwa umechoka tayari. Daktari anafanya linalopaswa: anachukua damu ya kuotesha maabara kabla ya dawa, anampa oksijeni, anampa dawa ya kutoa maji, na anaandika seftriaksoni gramu 2 kwa mshipa mara moja kwa siku. Kama ni nimonia kali, kuchelewesha dawa kunaweza kumuua. Kama si nimonia, dozi moja haitamdhuru sana.

Uamuzi huu ni sahihi, na nausisitiza kwa sababu wengi hudhani kampeni za kupunguza antibayotiki zinawalaumu madaktari wanaoanza dawa mapema. Mgonjwa mwenye dalili za maambukizi yaliyosambaa mwilini na presha inayoshuka anatakiwa apate antibayotiki ndani ya saa moja. Waraka mzuri husema hivyo katika aya yake ya kwanza kabisa, na ukiacha kusema, madaktari huutupa kando. Hakuna anayeombwa awe mwoga usiku wa Ijumaa. Anayeombwa kufanya kazi ya ziada ni daktari wa Jumatatu.

Basi ni nini kinachobadilika ndani ya siku mbili? Karibu kila kitu ambacho daktari wa zamu hakuwa nacho.

La kwanza ni majibu ya kuotesha damu. Mililita 8 hadi 10 za damu huwekwa katika kila chupa yenye chakula cha bakteria, na chupa hukaa kwenye joto la mwili. Mashine huendelea kuziangalia chupa hizo kwa siku tano, na ndiyo maana wengi hufikiri lazima wangoje siku tano. Lakini bakteria wanaosababisha ugonjwa mkali kweli huota haraka. Wengi wao hujitokeza ndani ya siku moja na nusu, na karibu wote ndani ya saa 48. Kwa hiyo chupa ambayo bado iko kimya baada ya siku mbili ina mengi ya kusema, ilimradi damu ilichukuliwa kabla ya dozi ya kwanza na ilitosha.

La pili ni mwili wenyewe. Nimonia ya bakteria haipoi ndani ya siku moja. Eksirei yake huchukua wiki kadhaa kusafika, hata mgonjwa akiwa amepona. Maji ya moyo hukauka haraka mara dawa ya kutoa maji inapofanya kazi. Kwa hiyo namna mgonjwa anavyopata nafuu ni kipimo pia, na hakihitaji maabara.

La tatu ni muda. Usiku ule daktari alikuwa na dakika kumi. Jumatatu asubuhi, timu nzima inaweza kumkalia mgonjwa mmoja.

Turudi kwa mama yetu. Jumatatu, saa tatu asubuhi, zimepita saa 59 tangu alazwe. Amepata sindano tatu: Ijumaa, Jumamosi na Jumapili usiku. Amekojoa sana na uzito umepungua kilo tatu. Joto limekuwa la kawaida tangu Jumamosi asubuhi. Oksijeni ni asilimia 96 bila mashine. Chembe nyeupe za damu hazikupanda. Chupa za damu hazijaotesha kitu. Picha mpya ya eksirei imesafika pande zote mbili. Nimonia haifanyi hivyo. Aliyekuwa anaumwa ni moyo, na dawa iliyomponya ni ile ya kutoa maji.

Sasa kuna njia mbili. Ya kwanza: daktari anaandika kwamba aendelee, na mama anapata sindano nne zaidi ili zitimie saba. Kila sindano ina gharama yake. Kuna bei ya dawa na muda wa nesi. Kuna kanula inayobaki mshipani na inayoweza kuvimba na kuleta maambukizi yake yenyewe, na kitanda kinaendelea kukaliwa. Ya pili: daktari anasimamisha antibayotiki siku hiyo, anaandika sababu kwa mstari mmoja, na nguvu zote zinahamia kwenye moyo. Njia ya pili ndiyo tiba bora kwa mama huyu hata kama duniani kusingekuwa na tatizo la usugu wa dawa, maana aliyelazwa kwa jina la nimonia mara nyingi huruhusiwa bila mtu kuupima moyo wake sawasawa.

Miongozo mingi hutaja milango mitano ya kutokea siku ya tatu. Kusimamisha dawa, kama ushahidi wa maambukizi ya bakteria haupo. Kuhama kutoka mshipani kwenda vidonge, kama mgonjwa anakula, hatapiki na homa imeshuka kwa siku nzima. Kubadilisha, kwa kawaida kutoka dawa inayoua bakteria wa aina nyingi kwenda ile inayomlenga yule aliyeota maabara. Kuendelea, lakini kwa sababu iliyoandikwa na tarehe ya mwisho. Au kumruhusu mgonjwa aende nyumbani akiendelea na sindano chini ya uangalizi, pale huduma hiyo ilipo. Kwetu huo wa mwisho haupatikani kwa urahisi, na waraka wa hapa ungeweza kuuacha bila hasara.

Mlango wa vidonge unastahili sentensi zaidi kuliko unavyopewa. Wagonjwa wetu wengi, na nadhani baadhi ya waganga pia, wanaamini sindano ina nguvu kuliko kidonge. Kwa magonjwa mengi ya kawaida ya wodini si kweli mara mgonjwa anapoweza kumeza na tumbo linapofanya kazi. Mwenye maambukizi ya figo ambaye bakteria wake ameonekana maabara kuwa anauawa na dawa ya vidonge, anaweza kutolewa kanula siku ya tatu na kumalizia dozi akiwa nyumbani kwake.

Lakini sisi tumefundishwa tangu utotoni: maliza dozi. Ukiacha katikati, wadudu watakuwa sugu. Waraka unapomwambia daktari asimamishe siku ya tatu, si unamfundisha kinyume cha kile tulichohubiriwa miaka yote?

Hapa ndipo sababu ya usugu inapohitaji kuelezwa vizuri. Mwaka 1945, akipokea Tuzo ya Nobel, Alexander Fleming alionya kwamba penisilini ikitumiwa kwa kiasi kidogo mno itawafundisha bakteria kuivumilia. Onyo hilo liliingia vichwani mwa watu na likazaa ule usemi wa kumaliza dozi. Kwa kifua kikuu lina ukweli mkubwa: bakteria yule yule anayekuumiza hujibadilisha mbele ya dawa, na ndiyo sababu matibabu yake huchukua miezi sita ya dawa kadhaa kwa pamoja, bila kuruka.

Kwa bakteria wengi wanaotusumbua wodini, usugu hujengeka kwa njia nyingine. Antibayotiki inayoingia mwilini haiendi kwenye pafu peke yake. Inapita tumboni, kwenye ngozi, kwenye koo, mahali ambapo mabilioni ya bakteria wanaishi nasi bila kutudhuru. Wale wanaouawa na dawa wanakufa. Wale wachache waliokuwa tayari na kinga dhidi yake wanabaki peke yao, na nafasi iliyoachwa wanaijaza. Hao ndio kina Eskerikia na Klebsiela wanaotoa vimeng'enya vya kuivunja seftriaksoni. Hawamsumbui mgonjwa leo. Miezi miwili baadaye, akipata maambukizi ya njia ya mkojo, ndio watakaokuwa mstari wa mbele, na sindano haitawafanya kitu. Wanaweza pia kumfikia mgonjwa wa kitanda cha jirani kupitia mikono ya wahudumu.

Ukiutazama hivyo, kila siku ya ziada ya dawa isiyohitajika ni siku nyingine ya kuwachuja bakteria wa tumboni. Siku hizo nne za mama yetu zisingemlinda yeye wala mtu mwingine dhidi ya usugu, zingeuongeza. Mwaka 2017 jarida la kitabibu la Uingereza la BMJ lilichapisha makala ya Martin Llewelyn na wenzake waliosema wazi kwamba ujumbe wa kumaliza dozi hauna ushahidi wa kuubeba kwa magonjwa mengi ya bakteria. Ilizua mabishano makali, hasa kwa hofu kwamba wagonjwa wangeanza kujiachisha dawa wenyewe. Hofu hiyo ina msingi. Anayeamua kusimamisha siku ya tatu ni daktari mwenye majibu ya vipimo mkononi, si mgonjwa anayejisikia nafuu.

Na pale ambapo nimonia imethibitika, majaribio yameonyesha dozi fupi zinatosha wengi. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2021 uliwachukua wagonjwa wa nimonia waliokuwa wametulia baada ya siku tatu za dawa. Nusu waliendelea hadi siku nane, nusu wakapewa vidonge bandia. Waliopona walikuwa kwa uwiano unaolingana.

Kama sababu ziko wazi hivi, kwa nini inahitajika kuwashawishi madaktari?

Watafiti wa Chuo cha Imperial cha London, wakiongozwa na Esmita Charani, walikwenda kuwahoji wafanyakazi wa hospitali na wakachapisha waliyoyakuta mwaka 2013. Waligundua kitu ambacho yeyote aliyewahi kufanya kazi chini ya wakubwa atakitambua. Kuna adabu ya kuandika dawa. Daktari hapendi kuigusa dawa iliyoandikwa na mwenzake, sembuse ya mkubwa wake. Kuisimamisha ni kama kusema mwenzako alikosea. Na daktari kijana hufuata anachofanya bingwa wake kuliko kinachosemwa na mwongozo uliobandikwa ukutani.

Juu ya adabu kuna hofu, nayo haiko sawa pande zote. Daktari akisimamisha dawa na mgonjwa akazidiwa usiku, jina lake litatajwa kwenye kikao. Akiendelea na dawa isiyohitajika na mgonjwa mwingine akafa miezi sita baadaye kwa bakteria sugu, hakuna atakayeunganisha vifo na saini yake. Takwimu za dunia nzima ni kubwa: makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet yalisema watu milioni 1.27 walikufa mwaka 2019 moja kwa moja kutokana na bakteria sugu, na eneo la Afrika kusini mwa Sahara liliumia zaidi. Lakini sijawahi kuona takwimu ya dunia ikimfanya daktari abadilishe chati ya mgonjwa aliye mbele yake. Waraka unaofungua kwa takwimu hizo umeshapoteza nusu ya wasomaji.

Tatizo la mwisho ni la kalenda. Mgonjwa aliyeanza dawa Alhamisi saa tisa alasiri, saa yake ya 48 inaangukia Jumamosi saa tisa, na ya 72 Jumapili saa tisa. Dirisha lote liko wikendi, wakati wodi ina daktari mmoja wa zamu asiyemjua mgonjwa. Aliyeandika dawa amekwenda mapumziko, na atakayekuja Jumatatu atakuta dawa ya siku ya nne ikiendelea na ataona haya kuuliza.

Ndiyo maana naona waraka unaoishia kusema "tafadhali pitieni antibayotiki baada ya saa 48" hauna maana. Uingereza ilijifunza hili. Baada ya hospitali kutakiwa kuonyesha kwamba dozi zinapitiwa, na hata kuwekewa motisha ya fedha mwaka 2016, mafaili yalijaa alama za kuthibitisha kuwa dawa imepitiwa. Dawa zilizosimamishwa zilibaki chache. Watu walipitia, kisha wakaandika aendelee.

Llewelyn, yule yule wa makala ya BMJ, aliongoza mradi uliotafuta dawa ya ugonjwa huo. Waliurudisha mzigo nyuma, kwenye usiku wa kwanza. Daktari anayeanza dawa anatakiwa aseme mwenyewe kama maambukizi yanawezekana tu, au yana uwezekano mkubwa. Akiandika kwamba yanawezekana tu, amempa mwenzake wa siku ya tatu ruhusa ya kusimamisha bila kumvunjia mtu heshima. Sehemu ya pili ilihusu mwendelezo: ili dawa iendelee baada ya mapitio, lazima kuwe na uamuzi mpya ulioandikwa. Wagonjwa nao walipewa kikaratasi kilichowaeleza kwamba dawa inaweza kusimamishwa mapema na kwa nini. Mradi ulifanyika katika hospitali 39 za Uingereza, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha matumizi ya antibayotiki yakishuka kwa karibu asilimia 5 kwa mwaka. Si muujiza, lakini kwa jambo ambalo miongozo ya miaka mingi ilishindwa kulisogeza, ni hatua.

Kwa hiyo, kama kamati ya hospitali yoyote ya hapa ingeniomba maoni, ningeiambia iandike hivi:

"Kwa madaktari wote wa wodi. Endeleeni kuanza antibayotiki bila kusita kwa mgonjwa anayeonekana ana maambukizi makali. Chukueni damu ya kuotesha kabla ya dozi ya kwanza. Kwenye chati andikeni mambo matatu: unahisi ugonjwa gani, una uhakika kiasi gani, na siku na saa ya kupitia upya. Kuanzia tarehe ya waraka huu, chati ya antibayotiki itakuwa na nafasi za siku tatu tu. Kuendelea baada ya hapo kunahitaji saini mpya na sababu. Kusimamisha hakuhitaji ruhusa ya aliyeanza. Mgonjwa ambaye muda wake unaangukia wikendi, atajwe kwa jina katika makabidhiano ya Ijumaa. Mfamasia atapita nanyi raundi ya Jumatatu na Alhamisi."

Maneno yamepungua mia. Sentensi yenye nguvu kuliko zote hapo ni ile inayosema kusimamisha hakuhitaji ruhusa. Hiyo inapaswa kusainiwa na bingwa mkuu wa tiba, kwa sababu ikisainiwa na mfamasia peke yake, kijana wa zamu hataithubutu. Na chati ya siku tatu ina hatari yake: nafasi zikiisha na daktari akasahau, mgonjwa mwenye maambukizi ya kweli anaweza kukosa dozi. Nesi lazima apewe agizo la wazi kwamba nafasi zikiisha bila uamuzi, anampigia daktari simu na dozi inayofuata inatolewa kama kawaida. Hospitali isiyoweza kuhakikisha simu hiyo isianze na chati ya namna hii.

Kuna pia wagonjwa ambao siku ya tatu haina haraka nao. Mwenye homa ya uti wa mgongo iliyothibitika, mwenye maambukizi ya vali za moyo au ya mifupa, mwenye bakteria wa stafilokoka dhahabu ndani ya damu: hawa wanapitiwa kama wengine, lakini jibu karibu kila mara litakuwa kuendelea, tena mara nyingi kwa muda mrefu zaidi na kwa mshipa.

Ugumu mkubwa wa kwetu ni maabara. Hospitali nyingi za wilaya haziwezi kuotesha damu, au majibu hufika mgonjwa ameshaondoka. Hata pale maabara ilipo, chupa iliyo kimya haiaminiki sana kama mgonjwa alipitia duka la dawa kwanza na kumeza amoksilini kwa siku tatu kabla ya kuja. Wakati mwingine kinachoota ni bakteria wa ngozi aliyeingia kwa sindano iliyochukuliwa haraka bila kusafisha vizuri, na mgonjwa hutibiwa wiki mbili kwa mdudu ambaye hakuwa wake. Daktari wa siku ya tatu anapaswa kuuliza yote hayo. Lakini ukosefu wa maabara haufuti mapitio. Joto, mapigo, pumzi, hamu ya chakula, eksirei ya pili na historia iliyoulizwa upya kwa utulivu vilitosha kumjibu mama yetu wa miaka 64. Chupa za damu zilithibitisha tu.

Jinsi ya kujua kama waraka umefanya kazi ni rahisi kuliko wengi wanavyoifanya. Usihesabu mafaili yaliyopitiwa. Chukua wagonjwa 20 walioanzishiwa antibayotiki mwezi huu, uhesabu ni wangapi walisimamishiwa au kuhamishiwa vidonge kabla ya saa 72, kisha ufanye hivyo tena baada ya miezi mitatu. Uangalie pia ni wangapi kati ya waliosimamishiwa ilibidi waanzishiwe tena ndani ya wiki. Kama hakuna hata mmoja aliyesimamishiwa, waraka umebaki ukutani. Kama wengi wanaanzishiwa tena, madaktari wanasimamisha ovyo.

Nawe msomaji, ukiwa na ndugu aliyelazwa na anachomwa sindano za antibayotiki, usimwombee ziongezwe na usimwachishe mwenyewe. Siku ya tatu, daktari anapopita raundi, muulize kwa heshima mambo mawili: majibu ya vipimo yamesemaje, na dawa hii inaisha lini.